Ardhi Bila Nyumba Juu Yake

Ukitoka Kiserian na kushika barabara ya Magadi, matatu hupanda polepole ikizunguka mgongo wa vilima vya Ngong, halafu ghafla upepo unageuka. Dirisha lililokuwa wazi linafungwa. Mwenye sweta anajipongeza. Mbele yako ardhi inaanguka, na Bonde la Ufa linaonekana lote, kijivu na kahawia, likielekea Olorgesailie na Magadi. Hapo ndipo Kona Baridi, na jina halihitaji maelezo.

Shangazi yangu ana ploti huko, ile saizi ambayo kila Mkenya anaijua hata kama hajawahi kununua ardhi: hamsini kwa mia, futi. Alijenga nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, akapanda miti ya kuzuia upepo, akatulia. Alipostaafu alitoboa ukuta wa upande wa barabara, akaweka mlango wa chuma, akaanza kuuza unga, sabuni, gesi na maziwa. Jirani yake ana ploti ya kipimo kile kile, mbele ya barabara ile ile, lakini yeye anaishi tu. Siku moja tukiwa tunakunywa chai shangazi aliniuliza, "Hebu niambie wewe uliyesoma. Ardhi ni ile ile, kipimo ni kile kile. Sasa huo mlango ndio unalipiwa reti?"

Nilicheka, kisha nikagundua sina jibu. Hii makala ni jibu langu lililochelewa. Lilinipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, na kwa bahati nzuri sehemu yake kubwa iko kwenye barabara hiyo hiyo ya Magadi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku, hata kwenye foleni ya kulipa. Kuna kodi ya pango la ardhi, ambayo anailipa mtu aliyekodishwa ardhi na serikali kwa miaka fulani, tuseme 99. Hiyo huenda kwa serikali ya kitaifa kwa sababu yeye ni mpangaji wake. Halafu kuna reti, ambayo inaenda kwa kaunti, na huilipi kwa sababu wewe ni mpangaji wa mtu. Unailipa kwa sababu una mali ndani ya eneo lao. Mwenye hatimiliki ya milele hadaiwi pango, lakini reti anaweza kudaiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inazipa kaunti uwezo wa kutoza reti, na kabla ya hapo zilitozwa na mabaraza: la jiji, ya manispaa, ya miji, na yale ya wilaya kama Olkejuado, la huko Kajiado.

Reti ilikuja na Waingereza, lakini kwa Kenya haikubaki vile ilivyokuwa kwao. Uingereza reti ni ya zamani sana, inahesabiwa tangu sheria ya kusaidia maskini ya 1601, na mtindo wao ulikuwa kumtoza anayeikalia nyumba kulingana na kodi ambayo nyumba hiyo ingeweza kuleta kwa mwaka. Mombasa na Nairobi zilianza na mtindo huo huo mwanzoni mwa karne ya 20. Ila katika miaka ya 1920 Nairobi ilibadilisha njia na kufuata miji ya Afrika Kusini, ambako walikuwa wanatoza ardhi peke yake. Nyumba wakaiacha.

Hapo ndipo jambo zima lilipo, kwa hiyo tusikimbie. Sheria ya uthamini ya 1956, ambayo Kenya iliishi nayo kwa karibu miaka 70, inamwambia mthamini atafute bei ambayo kipande cha ardhi kingeuzwa sokoni na muuzaji wa kweli kwa masharti ya kawaida. Kisha inaongeza sharti la ajabu: achukulie kwamba chochote kilichojengwa juu yake, ndani yake au chini yake hakikujengwa. Yaani mthamini anasimama mbele ya ghorofa sita, watu wameanika nguo kwenye roshani, jenereta inanguruma, naye anatakiwa kuona nyasi.

Ukifikiria, si wazimu. Kupima kila nyumba ni kazi kubwa. Lazima uingie ndani, uhesabu vyumba, ujue kama dari ni la mbao au la saruji, na wathamini walikuwa wachache. Ardhi ni rahisi zaidi, kwa sababu ukijua bei ya ploti tano za mtaa mmoja unaweza kukisia za mtaa wote kwa haki kiasi. Tena kodi ya aina hiyo haimwadhibu aliyejenga. Mwenye banda la mabati na mwenye jumba la mawe, wakiwa kwenye ploti mbili zinazofanana, wanalipa sawa. Anayeumia ni yule aliyefungia ploti katikati ya mji akingoja bei ipande, kwa sababu analipa kama wenzake na haingizi kitu. Katika mji wa walowezi na wafanyabiashara waliotaka kujenga haraka, hiyo ilikuwa hoja iliyouzika. Mwafrika wa Nairobi hakuwa ndani ya hesabu hiyo kama mwenye mali. Wengi waliishi kwenye nyumba za mwajiri au za baraza, kama Kaloleni na Makongeni, na mchango wao kwa mji ulichukuliwa kwa njia nyingine.

Sasa rudi kwa shangazi. Kama sheria inafumba macho isione nyumba, itaonaje mlango wa duka?

Inauona kwa njia mbili, na watu wakibishana kuhusu reti mara nyingi kila mmoja anazungumzia njia yake bila kujua kuna nyingine.

Njia ya kwanza ni bei yenyewe. Mthamini anaiondoa nyumba kichwani, lakini haondoi barabara, wala haondoi kile ambacho ardhi hiyo inaruhusiwa kufanyiwa. Ploti inayotazama lami, ambayo mnunuzi anaweza kuweka duka, ina bei moja. Ploti iliyo nyuma mita mia tatu, kwenye njia ya vumbi, ambayo ni ya makao tu, ina bei nyingine. Hakuna aliyeamua kumtoza mfanyabiashara zaidi hapo. Soko lenyewe ndilo limeamua, na kodi inafuata nyuma.

Njia ya pili ni kiwango. Baada ya kupata bei, kaunti inaizidisha kwa asilimia fulani, na asilimia hiyo si lazima iwe moja kwa wote. Sheria ya reti iliyotungwa mwaka wa uhuru, 1963, ilizipa mamlaka nafasi ya kuchagua. Wanaweza kutoza kwa thamani ya ardhi, au kwa ukubwa wa eneo, na wanaweza kuweka viwango tofauti kulingana na ardhi inatumiwa kwa nini, ingeweza kutumiwa kwa nini, au imetengewa nini kwenye mpango wa mji. Hapo sasa kuna mtu aliyekaa kwenye kiti akaamua kwamba duka lilipe zaidi ya nyumba.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano, nimezichagua ziwe rahisi. Kuna ploti tatu za hamsini kwa mia. Ya shangazi iko kwenye lami na ina duka. Ya jirani iko kwenye lami na ina nyumba tu. Ya tatu iko ndani kwenye vumbi. Mthamini anasema zile mbili za lami, tupu, zingeuzwa shilingi milioni 4 kila moja, na ile ya ndani milioni 2. Kiwango cha makao ni asilimia 0.2, na cha biashara ni asilimia 0.4.

Yule wa ndani analipa 4,000 kwa mwaka. Jirani wa shangazi analipa 8,000, ingawa naye hauzi hata kiberiti, kwa sababu mnunuzi angeilipia ploti yake lile duka ambalo yeye hajalijenga. Shangazi analipa 16,000. Kati yake na yule wa ndani kuna tofauti ya mara nne, na nusu ya safari hiyo imetokana na barabara, nusu nyingine imetokana na neno "biashara" kwenye daftari. Kwa hiyo jibu la swali lake ni ndiyo na hapana. Mlango haukupandisha thamani ya ardhi yake. Mlango ulimhamisha kutoka safu moja ya jedwali hadi safu nyingine.

Na hapo usimwonee huruma shangazi peke yake. Jirani ndiye anayenisumbua mimi. Yeye hakufanya chochote. Barabara ilipata lami, watu wa Nairobi wakaanza kuja wikendi kula nyama na kutazama bonde, bei ikapanda, na bili ikapanda nayo huku mshahara wake ukibaki pale pale.

Yote haya yanategemea daftari la uthamini liwe hai. Daftari likifa, mambo yanakuwa ya kuchekesha, na Nairobi ndiyo mfano bora. Jiji lilithamini ardhi yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha likaendelea kutumia bei hizo kwa karibu miaka 40. Ploti mpya ikikatwa mwaka 2005, mthamini alitakiwa kuiwekea bei ya zamani zile, ili iendane na wenzake kwenye daftari. Mapato yalipopungua, jiji halikugusa bei. Liligusa asilimia. Sheria iliweka dari la asilimia 4, ila waziri angeweza kuruhusu zaidi, na ruhusa ikawa desturi. Nairobi ilifika asilimia 25, na mwaka 2013, kaunti ikiwa changa, ikapanda hadi 34.

Asilimia 34 inatisha mpaka ukumbuke ni ya nini. Ploti iliyoandikwa shilingi 50,000 kwa bei za enzi za kanda za kaseti ililipa 12,500 kwa asilimia 25, na 17,000 kwa asilimia 34. Ploti hiyo hiyo leo inaweza kuwa ya milioni 20. Daftari jipya lilipokuja, Nairobi ilishuka hadi asilimia 0.115 ya thamani ya sasa. Milioni 20 kwa kiwango hicho ni 23,000. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika au anashangilia asilimia tu, muulize kwanza: asilimia ya bei ya mwaka gani?

Daftari lililokufa halimuumizi kila mtu sawa. Mtaa uliokuwa wa kifahari 1980 na sasa umechoka unaendelea kulipa kama wa kifahari. Mtaa uliokuwa shamba la kahawa na sasa una maduka makubwa unalipa kama shamba la kahawa. Kwenye daftari la aina hiyo, pengo kati ya nyumba na biashara halina uhusiano na leo. Ni picha ya mji ambao haupo tena.

Kajiado ilikuwa na shida tofauti kabisa. Huko hapakuwa na daftari la kuzeeka kwa sehemu kubwa ya ardhi, kwa sababu hapakuwa na ploti. Ilikuwa nchi ya Wamaasai iliyobaki baada ya mikataba ya 1904 na 1911, na baada ya sheria ya 1968 sehemu kubwa ikaandikishwa kama ranchi za pamoja. Kisha wanachama wakataka kila mmoja kipande chake. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Muda mfupi baadaye eneo la viwanda vya kuuza nje likafunguliwa Athi River, ng'ambo tu, wafanyakazi wakahitaji pa kulala, na Kitengela ikageuka kutoka kituo cha barabarani kuwa mji. Upande wa Kiserian na Kona Baridi mambo yalienda hivyo hivyo, ila taratibu kidogo, na kwa baridi zaidi.

Ardhi inapokatwa kwa kasi hiyo, mthamini hawezi kuifuata. Ndiyo maana mabaraza ya aina ya Olkejuado, na kaunti baada yao, yaliegemea ile njia nyingine iliyo kwenye sheria: kutoza kwa eneo. Huhitaji kujua ardhi inauzwa bei gani. Unahitaji kujua ni ekari ngapi na iko kwenye kundi gani. Makao shilingi kadhaa, biashara kadhaa, kilimo na mifugo kadhaa kwa ekari, viwanda kadhaa, na jedwali lote linaingia kwenye sheria ya fedha ya mwaka.

Ona kilichotokea. Kwenye mtindo wa thamani, tofauti kati ya nyumba na duka inatoka sehemu mbili, soko na kiwango, na soko linamzuia kidogo mwenye kalamu. Kwenye mtindo wa eneo, kundi linafanya kazi yote peke yake. Ukikosea kundi, au ukilipangia kundi bei bila kuangalia ardhi yenyewe, hakuna kitu cha kukurudisha.

Shuka sasa hiyo barabara kutoka Kona Baridi mpaka mwisho wake, utakutana na mfano mkubwa kuliko yote. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa 1911 kuchimba magadi ziwani, reli ikajengwa kutoka Konza hadi huko, na kampuni ikapewa eneo la kukodi lenye ukubwa wa takriban ekari 224,000. Miaka hii inaitwa Tata Chemicals Magadi. Kaunti ya Kajiado iliidai reti na malimbikizo ya takriban shilingi bilioni 17, na mgogoro ukafika mahakamani.

Gawanya mwenyewe: bilioni 17 kwa ekari 224,000 ni karibu shilingi 76,000 kwa kila ekari. Sasa piga picha ekari hiyo. Baadhi ni kiwanda, karakana, mji mdogo wa wafanyakazi. Nyingine ni ziwa lenye gamba la chumvi. Nyingine ni mawe na miiba ambako mbuzi wa Wamaasai wanapita. Ukiuliza soko, ekari ya kiwanda na ekari ya mawe hazikaribiani. Ukiuliza jedwali linalohesabu ekari za mkodishaji mmoja chini ya kundi moja, zote ni sawa. Upande wa pili nao una maneno, na si maneno ya kijinga. Ardhi imeshikwa na mtu mmoja kwa zaidi ya karne, madini yanatoka, wenyeji wanaona malori na treni zikipita, na kaunti inauliza kwa nini shirika kubwa lilipe kama mchungaji. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zinagombana kuhusu thamani, lakini zilishika fimbo ya ekari, ambayo haipimi thamani.

Tuje kwa swali ambalo shangazi alikuwa anauliza kweli chini ya lile alilouliza: kwa nini nyumba ihurumiwe na duka lisihurumiwe?

Sababu ya kwanza ni kwamba nyumba unayoishi haikupi pesa ya kulipia kodi yake. Duka linakupa, angalau kwa matumaini. Mtu anaweza kuwa na nyumba ya milioni 10 na mfukoni hana nauli, hasa mzee. Ya pili ni ya uhasibu: biashara inaweka reti kwenye gharama zake kabla ya kuhesabiwa kodi ya mapato, kwa hiyo sehemu ya maumivu inabebwa na hazina ya taifa. Mwenye nyumba anabeba yote mwenyewe. Ya tatu ni kwamba duka linaweza kuwasukumia wateja, na mwenye jengo akawasukumia wapangaji. Na ya nne, ambayo haiandikwi kwenye hotuba ya bajeti, ni kwamba nyumba zina wapiga kura ndani yake. Kiwanda hakipigi kura.

Majirani wetu wamepeleka huruma hiyo mbali kuliko sisi. Uganda, chini ya sheria yao ya 2005 kama ilivyorekebishwa, nyumba anayoishi mwenyewe hailipiwi reti kabisa. Wanaolipa ni wenye za kupangisha na za biashara. Ni rahisi kuipenda mpaka ujiulize nani atakagua anayelala wapi, kwa sababu kuanzia siku hiyo kila mwenye nyumba ana sababu ya kuwa na binamu badala ya mpangaji. Tanzania walienda njia nyingine. Kodi yao iko kwenye jengo, kwa kuwa ardhi huko ni ya umma, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 za kwao kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa ikahesabiwa kwa kila sakafu. Baadaye vikaongezwa. Hakuna mthamini, hakuna daftari, hakuna kupanga foleni. Lakini nyumba ya kawaida Masaki na nyumba ya kawaida Mbagala zinalipa kiasi kile kile, na hapo ndipo urahisi unapodai bei yake.

Kwetu mpaka kati ya nyumba na biashara una ukungu mahali ambapo vijana wengi mnaosoma hii mnalala: ghorofa za kupangisha. Nenda Kitengela uone jengo la vyumba 40, mwenye nyumba anakusanya kodi kwa simu kila tarehe tano. Hiyo ni nyumba au ni biashara? Watu wanalala humo, kwa hiyo ni makao. Mwenyewe anaishi mtaa mwingine na anaingiza pesa, kwa hiyo ni biashara. Ukitumia thamani ya ardhi peke yake, jengo hilo linalipa sawa na nyumba ya chini iliyo jirani yake kwenye ploti sawa, na hiyo ndiyo ile ndoto ya miaka ya 1920 ikitimia: aliyejenga haadhibiwi. Aliye kwenye nyumba ya chini ataona si haki. Mpangaji wa chumba namba 27 hajui lolote, ila reti ikipanda ataijua kwenye kodi ya Januari.

Lakini aliye hatarini zaidi si mwenye duka wala mpangaji. Kuna mzee mmoja, rafiki wa shangazi, ambaye eneo lake liko ng'ambo ya pili, kwenye mteremko. Ana ekari 50 zilizobaki baada ya kuuza nyingine kwa karo na matibabu. Hana mpango wa kuuza hizi. Ng'ombe wake wanazihitaji.

Hebu tumpeleke sokoni, kwa namba za mfano tena. Tuseme ekari ya pale ingeuzwa milioni 5, kwa sababu majirani wamekata ploti na matangazo yako kila nguzo. Mzee kwenye karatasi ana milioni 250. Kwa kiwango kidogo kabisa, tuseme asilimia 0.1, reti yake ni 250,000 kwa mwaka. Hiyo ni ng'ombe wazuri kadhaa kila mwaka, wauzwe ili alipie ardhi ya kulishia ng'ombe. Ndani ya miaka michache angeuza ekari, halafu nyingine, na aliyenunua angekata ploti, na bei ya zilizobaki ingepanda tena. Kodi ya thamani isiyo na kundi la malisho ingemla polepole bila mtu yeyote kumfukuza.

Ndiyo maana ardhi ya kilimo na mifugo kwa kawaida ina kiwango chake, cha chini, na naiona ni haki. Tatizo ni nani mwingine amejificha humo. Ng'ambo ya uzio wa mzee kuna ekari 50 nyingine za mtu anayeishi mjini, amezinunua kungoja bei, na ameweka mbuzi wanne na mlinzi. Kwenye daftari wawili hawa ni ndugu. Kumtoza wa pili kama mwekezaji bila kumgusa wa kwanza kunahitaji mtu aende akaangalie, arudi mwaka ujao aangalie tena, na asihongwe njiani. Jedwali peke yake haliwezi.

Mwishoni mwa 2024 zile sheria mbili za zamani, ya uthamini na ya reti, ziliondolewa na sheria moja mpya ya kitaifa ya reti. Kazi ya kuandika viwango na kupanga makundi bado iko kwa kaunti.

Nilimpelekea shangazi maelezo haya kwa ufupi, kwa sababu hasomi makala ndefu, anasema zinampa usingizi. Tukachukua bili yake tukaiweka mezani, tukatafuta vitu vitatu tu. Kwanza kipimo: hekta 0.045 au pungufu kidogo, sawa na hatimiliki. Hiyo ilikuwa sawa. Pili, kama imetozwa kwa thamani au kwa eneo, maana kama ni eneo hakuna haja ya kubishana kuhusu bei ya ardhi. Ilikuwa eneo. Tatu, kundi. Biashara.

"Na kweli nafanya biashara," akasema.

Nikamwambia kuna jambo moja. Duka lake linachukua chumba kimoja cha mbele, na nyumba iliyobaki analala. Kuna tofauti kati ya kubadilisha matumizi ya ploti rasmi, kwa maombi na tangazo na kibali, na kuandikwa "biashara" kwa sababu mtu alipita akaona mlango wa chuma. Ya kwanza ingeipandisha hata bei ya kuuzia. Ya pili inampa bili bila kumpa thamani. Na mahali palipo na daftari la uthamini, mwenye mali alikuwa na haki ya kupinga. Sheria ya zamani ilimpa siku 28 tangu tangazo kutoka, kwa maandishi, na kesi ikasikizwa na mahakama maalumu ya uthamini. Pingamizi la "ni ghali" halikufika mbali. Lililofika ni lile la kusema ploti tatu za jirani zenye kipimo hiki na matumizi haya zimewekwa kiasi hiki, yangu imewekwa zaidi, na bei za mauzo ni hizi.

Alifikiria kwa muda, akamhudumia mtoto aliyekuja kununua mkate, akarudi.

"Nikiomba kubadilisha rasmi, nitalipa ya biashara milele hata nikifunga duka?"

"Mpaka uombe tena kurudisha."

"Na nisipoomba?"

"Unaweza kuwaandikia kwamba ploti ni ya makao, wakupe sababu ya kukuweka biashara. Ila watakuja kuangalia."

Akatazama ule mlango wa chuma. Upepo ulikuwa unaugongesha, kama kawaida ya huko. Akaniambia nimletee fulskapu na kalamu nzuri, si ile ya kuvuja, na nikae nimwandikie barua yeye akitamka.

Tuliandika kwamba ana chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi na mbili kinachouza bidhaa, na sehemu nyingine yote ni makao yake tangu alipojenga. Tukaambatisha nakala ya hatimiliki na risiti za miaka mitano, ambazo anaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Barua ilipigwa muhuri wa kupokelewa siku ya Jumanne. Bado tunangoja mtu wa kuja kupima chumba.